Barua pepe 71, video 30: kuzipata video zote zenye kopiraiti kwenye YouTube Studio

Kuna mpiga video za harusi hapa Morogoro ambaye nilimsaidia mwezi uliopita. Alinipigia simu akisema, "Kaka, nimehesabu barua pepe za kopiraiti, ziko 71. Nikiingia Studio naona video 30 tu. Hizo nyingine ziko wapi?" Wasiwasi wake ulikuwa kwamba zilizokosekana zimefutwa, au zimefichwa mahali asipopajua.

Hazikuwa zimefichwa. Orodha ya maudhui ilikuwa nazo zote, ila alikuwa anaisoma vibaya kwa namna tatu kwa wakati mmoja. Nitazipitia dalili alizokuwa nazo, nyingine nimezikuta kwenye chaneli nyingine, na chanzo cha kila moja. Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyosomeka Studio ikiwa kwa Kiingereza. Kama yako umeiweka kwa Kiswahili, vitu vimekaa mahali pale pale.

Kwanza, njia yenyewe

Tumia kompyuta. Ukiwa na simu tu, fungua studio.youtube.com kwenye kivinjari kisha uombe toleo la kompyuta, maana programu ya simu haikupi orodha kwa upana ule. Ingia, bonyeza "Content" kwenye menyu ya kushoto. Juu ya orodha kuna mstari wenye alama ya vistari vitatu vinavyopungua urefu na neno "Filter". Bonyeza hapo, menyu ifunguke, uchague "Copyright". Orodha itajipunguza yenyewe na kubakiza video zenye suala la hakimiliki, na juu yake kitatokea kibandiko kidogo chenye jina la chujio ulilochagua.

Sasa tazama safu ya "Restrictions". Kwenye kila video iliyobaki utaona neno "Copyright". Weka kishale cha kipanya juu ya neno hilo bila kubonyeza, kidirisha kidogo kitafunguka, na ndani yake kuna kiungo cha "See details". Hicho ndicho kinachokupeleka kwenye ukurasa unaosema nani anadai, anadai kipande gani kuanzia dakika ipi hadi ipi, na dai hilo limeifanya nini video yako.

Mengi ya yanayofuata ni makosa yanayotokea katikati ya hatua hizo.

Dalili: namba ya video ni ndogo kuliko unavyojua

Hapa ndipo fundi wetu alipokwama, na sababu zilikuwa mbili zilizolaliana.

Ya kwanza ni mistari kwa ukurasa. Chini kabisa ya orodha, kulia, pameandikwa "Rows per page", na kwake ilikuwa 30. Alihesabu mistari akapata 30 kamili akadhani amemaliza. Namba ya mviringo namna hiyo inapaswa kukutilia shaka: ukihesabu ukapata 10, 30 au 50 kamili, karibu kila mara umehesabu ukurasa, hujahesabu video. Karibu na hapo hapo pameandikwa jumla halisi, na ndiyo ya kusoma. Kwake ilisomeka 41.

Ya pili ni vichupo. Orodha ya maudhui si orodha moja. Juu yake kuna "Videos", "Shorts", "Live" na vinginevyo, na chujio hufanya kazi ndani ya kichupo ulichomo. Video fupi ya shangwe za ukumbini haitatokea chini ya "Videos" hata uchuje vipi. Matangazo ya moja kwa moja yaliyokwisha nayo hukaa chini ya "Live". Kwa hiyo swali lile lile linaulizwa mara tatu. Tulipouliza mara tatu tulipata 41 chini ya "Videos", 9 chini ya "Shorts" na 6 chini ya "Live". Jumla 56.

Usiamini kwamba kibandiko cha chujio kitakufuata unapohama kichupo. Kitazame kila unapofika. Kama hakipo, chagua "Copyright" upya.

Dalili: barua pepe ni nyingi kuliko video

Bado tulikuwa na 71 dhidi ya 56. Tofauti ya 15 ilimsumbua kuliko yote, kwa sababu alihisi kuna video 15 zinazodaiwa bila yeye kuziona.

Orodha huhesabu video, barua pepe huhesabu madai. Video moja ya harusi ya saa mbili inaweza kuwa na wimbo wa kuingia ukumbini, wimbo wa keki na wimbo wa kufungua muziki, na kila mmoja una mwenyewe. Hata wimbo mmoja unaweza kuzaa madai mawili: moja la rekodi yenyewe, jingine la utunzi, yaani melodi na maneno. Ndiyo maana bendi ikipiga wimbo wa mtu mwingine jukwaani bila kucheza rekodi yoyote, bado dai laweza kuja. Kwenye orodha video hiyo ni mstari mmoja wenye neno "Copyright" mara moja.

Tulikaa jioni moja tukilinganisha. Barua 11 zilikuwa dai la pili kwenye video ambayo tayari imo kwenye 56. Nne zilizobaki zilikuwa za video zisizo na suala tena: mbili alizifuta mwenyewe mwaka jana akasahau, na mbili wadai walikuwa wameachia madai yao. Dai likiachiwa, video hutoka kwenye chujio, lakini barua ya zamani haijifuti kwenye kikasha chako. Hesabu ikafunga: 56 na 11 na 4 ni 71.

Siku ukitaka kujua hali ilivyo leo, amini orodha. Barua pepe zinakwambia yaliyowahi kutokea.

Dalili: orodha iko tupu kabisa ilhali una hakika yapo madai

Tazama vibandiko juu ya orodha. Ukiweka chujio zaidi ya moja, Studio haikuletei "hiki au kile", inakuletea video zenye vyote kwa pamoja. Watu hufungua menyu, wanachagua "Copyright", kisha "Age restriction", kisha "Made for kids", wakitegemea kuona matatizo yote ya chaneli kwa mpigo. Wanachoomba kwa kweli ni video moja yenye dai la hakimiliki, yenye kizuizi cha umri, na papo hapo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Haipo, na isingetegemewa kuwepo. Ondoa vibandiko kwa alama ya msalaba iliyo pembeni mwa kila kimoja, kisha uchuje tatizo moja moja.

Tabia hiyo hiyo ina faida ukiijua. Weka "Copyright" pamoja na "Title" yenye neno "send-off", utabaki na video za send-off zenye madai peke yake. Weka "Copyright" pamoja na "Views" kuanzia idadi fulani, utabaki na zile zinazotazamwa kweli. Usichoweza kufanya ni kuchuja kwa jina la wimbo au jina la mdai. Hilo halimo kwenye menyu, na njia ni kufungua "See details" moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari.

Kama kibandiko ni kimoja na bado hakuna kitu, tazama picha ya chaneli pembe ya juu kulia. Mwenye chaneli mbili kwenye akaunti moja, mathalani ya kazi na ya familia, mara nyingi anachuja chaneli asiyoikusudia. Jambo jingine ni alamisho ya zamani kwenye kivinjari. Anwani ya ukurasa hubeba chujio ndani yake, kwa hiyo ukihifadhi ukurasa uliochujwa, mwezi ujao ukifungua utaanza na chujio lile lile bila kukumbuka uliliweka lini. Kichupo ulichomo nacho kinasomeka kwenye anwani:

```
/videos/upload
/videos/short
/videos/live
```

Mimi husoma hapo kwanza kabla ya kubishana na skrini.

Dalili: video haiingizi pesa, lakini chujio la "Copyright" haliionyeshi

Mara nyingi hili si dai la mtu yeyote. Alama ya dola ya njano kwenye safu ya "Monetization" maana yake matangazo yamepunguzwa kwa sababu ya maudhui kutokidhi miongozo ya watangazaji: lugha chafu, vurugu, na mengine ya namna hiyo. Hakimiliki haihusiki. Chuja kwa "Monetization" na utazipata zote za njano pamoja. Kama huioni safu hiyo kabisa, chaneli yako haijaingia kwenye mpango wa washirika wa YouTube, na hakuna cha kuchuja.

Kuna na ndugu yake: maoni yamezimwa kwenye video kadhaa na hukuyazima. Chuja kwa "Made for kids". Video ikihesabiwa kuwa ya watoto, maoni huondoka yenyewe. Kwenye chaneli za shule za awali na za nyimbo za Sunday school hili ndilo malalamiko namba moja, na karibu kila mara mwenye chaneli aliweka mpangilio huo mwenyewe siku ya kupakia bila kuusoma.

Kwa kizuizi cha umri, chujio ni "Age restriction". Video hizo haziwezi kutazamwa na asiyeingia kwenye akaunti wala aliye chini ya miaka 18, na ukiziweka kwenye tovuti nyingine nyingi hazichezi, zinampeleka mtazamaji YouTube. Tofautisha uliyoiwekea mwenyewe na iliyowekewa na YouTube. Ya kwanza unaiondoa kwenye ukurasa wa maelezo ya video, ya pili unaikatia rufaa. Fundi wetu alikuwa nayo moja, na aliiweka mwenyewe baada ya mama wa bwana harusi kulalamikia unenguaji.

Kisha kuna lisiloonekana kwa chujio lolote. Mtu anakwambia, "Video yako haifunguki ofisini kwetu," na orodha yako ni safi. Huenda mtandao wa ofisi au shule yao umewashwa hali ya "Restricted Mode". Huo ni mpangilio wa upande wa mtazamaji, na kwenye orodha yako hakuna safu yake.

Zote zimeandikwa "Copyright". Ipi ni mbaya?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chujio linaishia mlangoni. Neno "Copyright" kwenye safu ile linafunika mambo yasiyofanana kabisa. Video ambayo matangazo yake yanamlipa mwenye wimbo inaandikwa hivyo. Video iliyofungwa kwenye nchi kadhaa inaandikwa hivyo. Video isiyoonekana popote duniani nayo ni hivyo hivyo. Ukizitazama kwa mbali zinafanana.

Dai la Content ID, yaani lile linalozalishwa na mfumo unaolinganisha video yako na rekodi zilizosajiliwa, halikupi onyo la hakimiliki. Onyo linakuja pale mwenye haki anapowasilisha ombi la kisheria la kuondoa video. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufungisha chaneli. Onyo moja huisha baada ya siku 90 ukimaliza somo la hakimiliki linalotolewa na YouTube, na kuifuta video hakuliondoi. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakifuta video kwa woga, tena za madai ya kawaida tu, wakapoteza watazamaji wa miaka mitatu bila kuokoa chochote.

Ili kupanga kazi, panga orodha iliyochujwa kwa kubonyeza kichwa cha safu ya "Views", zinazotazamwa zaidi zikae juu. Kisha fungua "See details" ya kila moja ukiandika neno moja tu kwenye daftari: imefungwa, imefungwa nusu, au pesa. Kwa video 56 ilituchukua kama saa moja na robo, chai ikiwemo. Matokeo: 48 pesa, 5 zimefungwa kwenye baadhi ya nchi, 3 zimefungwa kote. Hakuna onyo hata moja.

Zile 48 aliamua kuziacha. Muziki si wake, harusi si tangazo, na wateja wanaziona. Nadhani aliamua vizuri.

Kati ya zile 3, mbili zilikuwa za Shorts. Zote zilizidi dakika moja. Tangu tarehe 15 Oktoba 2024 video fupi zinaweza kufika dakika 3, lakini fupi inayozidi dakika moja ikiwa na dai la Content ID lililo hai, inafungwa kote. Haijalishi mdai alitaka pesa tu. Watu wengi wa harusi wameingia mtego huu bila kujua, kwa hiyo ukichuja chini ya "Shorts", tazama urefu ulioandikwa kwenye picha ya kila video kabla ya kitu kingine. Alizifuta mbili hizo akazikata upya kwa sekunde 55, na wimbo akauchukua kwenye maktaba ya sauti ya programu ya YouTube yenyewe wakati wa kupakia.

Dalili: nimeshaondoa wimbo, video bado iko kwenye orodha

Ya tatu ilikuwa video ndefu, harusi ya dakika 94. Kwenye ukurasa wa dai kuna njia za kurekebisha bila kupakia upya: kukata kipande, kubadilisha wimbo, au kuufuta wimbo. Tulichagua kuufuta, tukijaribu kubakiza sauti za watu. Kesho yake video bado ilikuwa kwenye chujio.

Sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda uchakataji haujaisha, na kwa video ndefu unaweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo video inabaki ilivyokuwa. Huenda kuna dai la pili ambalo hukuligusa. Au hukuhifadhi. Sisi tulikutwa na la pili: bendi ilirudia wimbo ule ule dakika ya 71, na dai la utunzi lilikuwa hapo, chini ya lile la rekodi, kwenye ukurasa ambao hatukuushusha hadi mwisho. Tulikata dakika nne zile. Siku iliyofuata ikatoka.

Kama video ina watazamo zaidi ya 100,000 na chaneli haimo kwenye mpango wa washirika, kihariri kinaweza kukataa kuhifadhi mabadiliko. Hapo imebaki kupakia toleo jipya au kuvumilia.

Video iliyopingwa nayo haitoki mara moja. Kati ya zile 5 zilizofungwa nusu, moja ilikuwa na wimbo wa kaka wa bibi harusi, ambaye ni msanii na aliimba mwenyewe ukumbini. Kampuni inayosambaza nyimbo zake ndiyo iliyozisajili, na mfumo haujui undugu. Tulipata ruhusa kwa maandishi, tukapinga. Mdai ana siku 30 za kujibu, na muda wote huo neno "Copyright" linabaki palepale. Usipinge kwa kubahatisha: mdai akikataa, anaweza kuomba video iondolewe, na hapo onyo ndipo linapozaliwa.

Kabla hujagusa kisanduku cha juu

Ukishachuja, kisanduku cha tiki kilicho juu ya orodha kinachagua video za ukurasa huo tu. Kando yake hutokea "Select all", inayochagua zote zilizopita kwenye chujio, hata usizoziona. Tofauti hiyo inaumiza pande zote mbili. Nimeona mtu aliyetaka kuweka video 41 kuwa za faragha akabadilisha 30, akabaki anashangaa. Nimeona pia aliyesahau kuweka chujio akabadilisha chaneli nzima. Soma idadi iliyochaguliwa kwenye mstari wa juu kabla ya kukubali, kwa sababu mabadiliko ya pamoja hayana kitufe cha kurudisha nyuma. Na kupinga madai kwa mkupuo hakupo. Kila dai lina ukurasa wake.

Juzi nilimwomba afungue vichupo vyote vitatu tena. "Videos" 40, "Shorts" 7, "Live" 6. Ya kaka wa bibi harusi bado imo kwenye zile 40, siku ya kumi na mbili.